Shajara ya mradi: mnyororo wa video za majibu kwa duka la pembejeo, Kibaigwa

Tarehe 5 Mei

Video ya kwanza ya duka inaonyesha magunia mawili ya mahindi yaliyofunguliwa baada ya miezi sita, moja likiwa limejaa vumbi la mdudu dumuzi na jingine, lililohifadhiwa katika mfuko usiopitisha hewa, likiwa zima. Imeleta maoni mengi kuliko duka linavyoweza kuyajibu kwa maandishi, na mwenye duka amenikabidhi kazi ya kuyageuza maoni hayo kuwa video za TikTok zitakazofuatana mpaka mwisho wa mavuno. Masharti yake ni mawili: video zisaidie kuuza mifuko, na zisiwe za kupiga kelele kama gari la matangazo linalozunguka sokoni siku ya gulio. Hayo ya pili ndiyo wenye kazi hii huyaita matangazo ya upole, yaani mtazamaji anapewa jibu lenye manufaa hata kama hatanunua kitu, na bidhaa inaonekana kwa sababu imo katika jibu.

Leo nimesoma maoni yote na kuyagawa mafungu mawili tu. Fungu la kwanza ni maswali ambayo jibu lake ni sentensi moja: mko wapi, mnatuma mikoani, mfuko mmoja unaingia kilo ngapi. Haya yatajibiwa kwa maandishi palepale, kwa kuwa video ya kusema kwamba duka lipo Kibaigwa karibu na soko la mahindi haimfundishi mtu chochote na hakuna atakayeitazama mara mbili. Fungu la pili ni maswali ambayo mtu hawezi kuliamini jibu lake mpaka alione kwa macho: mahindi yakiota ukungu humo ndani, panya akitoboa, mfuko ukifunguliwa kila wiki kwa ajili ya kusaga. Haya ndiyo yatakayokuwa video.

Swali la bei limenisumbua kidogo. Linaulizwa kuliko yote na ni la sentensi moja, hivyo kwa kipimo changu lingepaswa kuwa katika fungu la kwanza. Hata hivyo ukiyasoma maoni ya bei kwa makini, wengi hawaulizi mfuko ni shilingi ngapi; wanauliza kwa nini walipe Sh 5,500 wakati kiroba cha kawaida kinapatikana kwa bei ya chini sana. Bei yenyewe tutaiandika kwa maandishi leo, bila kumwambia mtu “njoo inbox”, kwa sababu mkulima anayefichwa bei huondoka akijua kuwa anapangiwa. Swali la “kwa nini” litapata video yake, ila si sasa.

Tarehe 7 Mei

Nimekaa na mwenye duka kupanga ufuatano. Alitaka tuanze na maoni yaliyopendwa na wengi, na kwa bahati maoni hayo ndiyo makali kuliko yote: mtazamaji mmoja ameandika kwamba mwaka jana alinunua mifuko ya aina hii mahali pengine, mahindi yakaota ukungu, na kwamba sisi ni matapeli kama wenzetu. Kijana wa dukani alipendekeza tuyafute.

“Mama, watu wakiyasoma hayo hawatanunua.”

“Wameshayasoma,” mwenye duka akamjibu. “Tukiyafuta watasema tumeogopa.”

Nakubaliana naye, na nina sababu ya ziada inayohusu ufuatano. Mnyororo wa namna hii haufai kupangwa kwa wingi wa maswali. Unapangwa kwa hatua ambazo shaka hupita katika kichwa cha mnunuzi. Mtu anayeshuku kwamba mfuko wenyewe unaozesha mahindi hawezi kusikia hoja ya bei wala ya panya, kwa sababu kwake bidhaa ni kitu cha hasara hata ingetolewa bure. Kwa hiyo shaka ya ukungu inakuwa ya kwanza. Inafuata shaka ya matumizi ya nyumbani, yaani kufungua na kufunga, kisha shaka ya uimara, yaani panya na matobo, na bei inakuwa ya mwisho. Video moja tu kati ya hizo, ile ya bei, ndiyo itakayotamka habari ya kununua.

Kalenda ya shamba inaafiki mpango huu. Sasa ni Mei na mahindi mengi ya huku bado yako shambani au ndiyo kwanza yanavunwa, hivyo swali la ukavu lina maana leo kuliko swali lolote lingine. Mwezi Julai ndipo wengi watakuwa wameuza magunia machache na wana fedha mkononi, na video ya bei ikitoka wakati huo itamkuta mtu anayeweza kuamua. Ikitoka sasa, itamkuta mtu mwenye deni la palizi.

Tarehe 10 Mei

Maandalizi ya video ya ukungu. Ninaiandika kwa kirefu kwa kuwa nyingine zitafuata umbo lake.

Ukweli wa jambo ni huu. Mfuko una tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba cha kufumwa nje. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula na hatimaye hufa. Lakini nailoni ileile inayozuia hewa isiingie huzuia unyevu usitoke. Mahindi yakiingia mabichi yatabaki mabichi, na ukungu utaota. Kwa hiyo yule aliyetuita matapeli huenda anasema kweli tupu kuhusu mahindi yake, na jibu letu halipaswi kuanza kwa kumkosoa.

Njia ya kupima ukavu bila kifaa inajulikana na maofisa ugani huifundisha: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi. Isipoganda, yamekauka.

Hapa ndipo nilipousimamisha mswada. Chumvi hutofautisha mahindi yaliyo juu na yaliyo chini ya unyevu wa asilimia 15 hivi, ilhali kwa mfuko usiopitisha hewa kinachoshauriwa ni asilimia 13.5 au pungufu. Katikati ya namba hizo mbili kuna mahindi ambayo chumvi itayapitisha na mfuko utayaozesha. Tangazo la kawaida lingeiruka tofauti hiyo kwa kuwa inaharibu utamu wa jaribio. Sisi hatuwezi kuiruka, kwani atakayepima kwa chupa yetu, akafungia mahindi yenye asilimia 14.5, atarudi Septemba na maoni yaleyale ya utapeli, na safari hii sisi ndio tutakuwa tumemfundisha. Mswada sasa unasema: chumvi isipoganda, anika tena juani juu ya turubai kwa siku mbili, ndipo ufungie, na mwenye uwezo wa kupata kipima unyevu apime.

Mpangilio wa video, usiozidi dakika moja na nusu:

Katika sekunde tatu za mwanzo stika ya maoni inaonekana juu ya skrini na sauti inatoa jibu zima: “Mahindi yakiota ukungu ndani ya mfuko huu, mara nyingi yaliingia yakiwa na maji, na mwaka jana huenda hakuna aliyekuonyesha namna ya kupima.” Jibu linatangulia maelezo, kwa sababu mtazamaji anayengojeshwa jibu huhisi anavutwa mahali. Kisha chupa mbili zinajazwa, moja mahindi mabichi na nyingine makavu, saa ya ukutani ikiwa nyuma ili robo saa ionekane imepita kweli baada ya kukata picha. Chupa zinainuliwa karibu na dirisha, moja ikiwa na kuta nyeupe za chumvi na nyingine kuta safi. Linafuata onyo la siku mbili za jua. Sekunde za mwisho zinasema waziwazi kwamba kama mahindi yako yako kama ya chupa ya kwanza, usinunue mfuko wowote kwanza, wetu wala wa jirani.

Mifuko ya duka inaonekana nyuma kwenye rafu na haitajwi. Sauti ya video itakuwa ya chumvi na punje zinazogonga kioo, na si ya muziki. Ukiwasha alama ya biashara, TikTok hukubana kwenye nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo, na punje zinafaa zaidi kwa mada hii kuliko wimbo wowote uliobaki katika orodha hiyo.

Tarehe 12 Mei

Mambo ya akaunti, kwa ufupi. Kila video ya mnyororo itawekwa alama ya “Your brand” katika mipangilio ya kutangaza maudhui ya biashara, hata ile isiyotaja mfuko. Upole wa tangazo si ruhusa ya kulificha. Mtazamaji ana haki ya kujua kwamba anayemfundisha kupima kwa chumvi ana mifuko ya kuuza.

Tumekubaliana pia juu ya majina. Stika ya maoni hubeba jina la aliyeandika na kulipeleka mbele ya watu wengi ambao yeye hakuwafikiria alipoandika. Swali la kawaida halina neno. Lakini mtu aliyeeleza kwamba watoto wake walilala njaa kwa sababu ya mahindi yaliyoharibika hatutambandika kichwani mwa tangazo bila kumwomba ruhusa, na asipojibu, swali lake litasomwa kwa sauti bila stika wala jina. Kuhusu kutunga maswali wenyewe kwa akaunti ya pembeni, kijana aliuliza kama “wote si hufanya hivyo?” Jibu ni kwamba hatufanyi, na sababu moja ni ya kikazi kabisa: swali la kutungwa huulizwa kwa lugha ya muuzaji. Wakulima wa Kongwa hawaandiki “je, mfuko huu una faida gani?” Wao huandika “panya wa kwangu wanakula mpaka ndoo, huo mfuko utapona?” na kila msomaji huitambua tofauti hiyo.

Tarehe 19 Mei

Video ya chumvi imetoka. Yule aliyetuita matapeli amejibu kwamba ni kweli alifungia siku mbili baada ya kupukuchua, bila kuanika. Hakuomba radhi na hatukuhitaji aombe. Wengine waliendelea kumhoji, naye akawa anawajibu, na mazungumzo hayo yamekuwa na faida kubwa kwa duka kuliko maneno yetu.

Jambo la kupanga upya ni viungo vya mnyororo. Mwenye duka alidhani watu watazitazama video kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukurasa wa mapendekezo haufanyi hivyo. Humpa mtu video ya panya leo na ya chumvi wiki ijayo, au asimpe kabisa. Kwa hiyo kila video lazima isimame peke yake, na neno “sehemu ya pili” limefutwa katika miswada yote. Mnyororo wenyewe unaishi mahali pengine: video ya kujibu hujitokeza kama jibu chini ya maoni yaliyoizaa, na stika yake humrejesha mtazamaji kwenye video ya awali. Hivyo anayeingia kwa mlango wowote anaweza kurudi nyuma hatua moja. Ili aweze pia kwenda mbele, tutabandika juu ya kila video maoni yetu wenyewe yanayotaja shaka inayofuata na kusema imejibiwa katika video gani.

Matokeo ya mpango huu ni kwamba swali la video inayofuata huchukuliwa chini ya video iliyotangulia, na si chini ya ile ya kwanza kabisa. Chini ya video ya chumvi tayari mtu ameuliza, “Nikishakausha na kufunga, nikitaka kusaga kila Jumamosi itakuwaje?” Ni shaka ileile tuliyoipanga kuwa ya pili, na sasa imeulizwa na mtu ambaye shaka ya kwanza imemtoka.

Tarehe 3 Juni

Video ya kufungua na kufunga. Kila ufunguzi huingiza hewa mpya, na wadudu waliobaki hai hupata nafuu. Jibu la muuzaji mwenye haraka ni “nunua mifuko mingi midogo”. Jibu letu ni kwamba familia itenge mfuko mmoja wa kula na mingine isiguswe. Ule wa kula ufunguliwe mara chache, kichotwe cha wiki mbili kwa mkupuo, hewa ikamuliwe, kila nailoni isokotwe, ikunjwe na kufungwa kwa kamba peke yake, na kiroba cha nje kifungwe mwisho. Tukaongeza sentensi ambayo mwenye duka aliifikiria kwa muda kabla ya kuikubali: mahindi ambayo yataisha ndani ya miezi miwili hayahitaji mfuko huu.

Sentensi hiyo inapunguza mauzo ya mifuko fulani, hilo halina ubishi. Ninaitetea kwa sababu inamwonyesha mtazamaji kwamba ushauri wetu una mpaka, na mtu akishaona mpaka wa ushauri hupata sababu ya kuamini kilichomo ndani yake.

Picha ya kusokota nailoni tumeirudia kwa ukaribu zaidi. Katika picha ya kwanza mkono ulifunika fundo, na hapo ndipo watu hukosea: wengi hufunga nailoni zote mbili kwa pamoja, na tabaka la pili linapoteza kazi yake.

Tarehe 11 Juni

Limeingia swali ambalo halikuwa katika mpango: “Je, mfuko huo unaondoa sumukuvu?” Katika mkoa wetu wa Dodoma swali hili si la mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na wapo wanaokumbuka.

Jibu ni hapana. Mfuko unaweza kusaidia sumu isiongezeke ikiwa mahindi yameingia makavu, lakini sumu iliyokwisha kuingia shambani au juani haitolewi na mfuko, na mahindi yenye sumukuvu yanaweza kuonekana mazima. Kijana alitaka tulijibu ndani ya video ya panya ili tusipoteze nafasi. Nimelitenga katika video yake fupi, bila mfuko wowote katika picha, bila lile neno la kutumwa kwa WhatsApp ya duka linalomalizia video za mnyororo, na nimeiweka nje ya mnyororo. Hatari ya swali la afya katika matangazo ya upole ni kwamba ukaribu wa picha husema kile ambacho mdomo haukusema. Ukitamka “hapana” huku umeshika mfuko, mtu anayetazama bila sauti ataondoka na “ndiyo”.

Tarehe 24 Juni

Video ya panya imetoka. Panya hutoboa, na hakuna nailoni itakayomshinda. Kinachosaidia ni kuweka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na ghala kufagiliwa. Namna ya kutafuta tobo imeonyeshwa hivi: nailoni tupu inajazwa hewa, mdomo unasokotwa, inakandamizwa na kusikilizwa karibu na shavu. Nailoni iliyopita jaribio hilo inaweza kutumika msimu mwingine, na kwa kawaida mfuko unaotunzwa hufika misimu mitatu.

Kuhusu kupima mafanikio, kila video ya mnyororo inamalizika kwa neno lake: anayetaka kuuliza zaidi anatuma CHUMVI, KUFUNGUA au PANYA kwa WhatsApp ya duka. Kiungo ndani ya video hakibonyezeki, hivyo neno linafanya kazi ya kiungo na linatuambia mtu ametoka wapi. Kipimo hiki kina upungufu, maana wapo wanaosahau neno, na wazee wengi hupiga simu tu. Wanaokuja dukani kijana huwauliza na kuandika daftarini.

Video ya panya imetazamwa kuliko zote, lakini wengi waliotuma PANYA wanatafuta dawa ya panya. Waliotuma CHUMVI ni wachache kuliko hao na huuliza mambo ya mtu aliyekwisha kuamua: mfuko wa kilo 100 upo, mnafungua Jumapili, mnaweza kuniwekea kumi. Mwenye duka alitaka tuongeze video za panya kwa kuwa zinatazamwa. Nimemwomba asome meseji zenyewe kabla ya kuamua, akazisoma jioni, na asubuhi akasema tuendelee na mpango.

Tarehe 8 Julai

Mswada wa video ya bei. Tumeuepuka mtego wa kutumia namba kubwa. Utafiti wa miaka ya mwanzo ya 1980, dumuzi alipokuwa ameingia Tanzania karibuni, ulikuta maghala yaliyopoteza takriban theluthi ya mahindi ndani ya miezi michache. Lakini hayo yalikuwa maghala yaliyoumia kuliko mengine, na wastani ulikuwa kama asilimia 9. Kumtisha kila mkulima kwa theluthi ni kumwambia jambo ambalo ghala lake mwenyewe litalikanusha.

Badala yake video inafanya hesabu moja mbele ya mizani. Mfuko ni Sh 5,500. Ukidumu misimu mitatu, kila msimu ni karibu Sh 1,830. Tuseme kilo ya mahindi ni Sh 600: mfuko umejilipa ukiokoa kilo tatu na kidogo kati ya 100. Panya akiutoboa ukatumika msimu mmoja tu, unahitaji kuokoa kilo tisa na kidogo. Kilo tatu zinapimwa na kumwagwa mezani, kisha kilo tisa, na mtazamaji anaambiwa aweke bei ya sokoni kwake badala ya 600 na akumbuke dumuzi walimlia mahindi kiasi gani mwaka jana. Mtu ambaye hakupoteza hata kilo tatu hana sababu ya kununua, na hilo linasemwa. Baada ya hapo tu ndipo linakuja neno la kununua, sentensi moja, lenye mahali duka lilipo na neno KILO.

Mwenye duka ameuliza kama tupunguze bei kwa atakayetaja neno hilo. Nimeshauri tusifanye hivyo. Punguzo lingevuruga kipimo, kwa kuwa kila mtu angesema KILO hata kama aliletwa na chumvi, na lingeigeuza hesabu ya mezani kuwa maandalizi ya ofa.

Tarehe 21 Julai

Video ya bei iko hewani tangu wiki iliyopita. Maoni yaliyo chini yake yamebadilika sura: watu wanabishana kuhusu bei ya kilo katika masoko yao, mmoja wa Songea akiweka hesabu yake na mwingine wa Babati akiikosoa. Mtu mmoja ameuliza kama mfuko unafaa kwa maharage na mbegu. Swali la maharage lina jibu la kuonyesha na litaanza mnyororo mwingine, ukianzia na ukavu kama huu ulivyoanza. La mbegu litasubiri mpaka tumpate ofisa ugani wa kulisema mbele ya kamera, kwa sababu anayehifadhi mbegu anataka kujua itaota au la, na duka halina shamba la kumwonyesha hilo.

Kabla ya Novemba hakuna video mpya ya mahindi. Mwezi huo mwenye duka atafungua mbele ya kamera mfuko alioufunga mwenyewe wiki hii, wenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu juu ya kiroba, na tumekubaliana kwamba utafunguliwa kwa mara ya kwanza picha ikiwa inarekodiwa, na kitakachokutwa ndani ndicho kitakachoonyeshwa.